Meka ya unga na hotuba ya Ijumaa

Juma lililopita mama mmoja wa kikundi chetu alikuja na daftari la mume wake. Mume huyo anafanya kazi ya mikono siku sita, na Ijumaa zingine anasimama mbele ya wenzake msikitini kutoa hotuba, ile Waislamu wanaiita khutba. Alikuwa ameandika kurasa kumi na moja juu ya subira na biashara ya halali. Mama akatuambia: “Ninyi walimu mnajua kutengeneza fishi ya somo. Mtusaidie, watu wanasinzia.”

Tulikaa naye jioni mbili, yeye na bwana wake. Hatukumfundisha dini, kwa sababu hiyo yeye ndiye anaijua. Tulimsaidia kupanga tu. Lakini fishi iliyotoka inawahusu wote wanaopima unga, makala au sombe, wawe Waislamu au Wakristo. Ndiyo maana tunaiweka hapa.

Kwanza ni saa. Hapa Tenke jua linafika katikati ya mbingu kati ya saa sita kamili na saa sita na nusu hivi, kulingana na mwezi, na hapo ndipo adhana ya Ijumaa inaita. Wanaokuja wametoka karakana, soko, reli na shimo, na wengi wana ruhusa ya muda mfupi. Mtume Muhammad mwenyewe alifundisha kwamba hotuba fupi na sala ndefu ni alama ya mtu mwenye kufahamu dini. Basi tulikubaliana dakika kumi na tano, na kurasa kumi na moja zikawa mbili.

Pili ni umbo. Hotuba ya Ijumaa ni mbili, na mhubiri anakaa kidogo katikati. Wanaofuata madhehebu ya Shafi wana nguzo tano: kumsifu Mungu, kumsalia Mtume, na kuusia watu wamche Mungu, hizo tatu katika hotuba zote mbili, kusoma aya ya Kurani katika mojawapo, na kuwaombea waumini katika ya pili. Nguzo zinasemwa kwa Kiarabu, maelezo kwa Kiswahili. Tena, wakati mhubiri anasema, msikilizaji hazungumzi. Darasani mtoto asiyeelewa anainua mkono. Hapa hakuna mkono. Basi kila neno gumu lazima lielezwe papo hapo, na jambo kuu liwe moja tu.

Jambo hilo moja ni lipi? Hapo ndipo tulibishana. Katika daftari subira ilikuwa upande mmoja na biashara upande mwingine, kama masomo mawili. Na subira yenyewe ilikuwa inaambiwa maskini: vumilia, umepunjwa, Mungu anaona. Mama wa nyumba akasema polepole: “Baba Amina, mimi nikinunua meka pungufu, ninavumilia nini? Si yule anayeuza ndiye angevumilia asiibe?” Tukanyamaza wote. Fishi ilijengwa juu ya neno hilo.

Hotuba ya kwanza inaanza na kisa kinachotajwa mwishoni mwa sura ya Ijumaa, sura ya 62. Mtume alikuwa amesimama anahubiri Madina, msafara wa biashara ukaingia mjini, na watu wengi wakamwacha amesimama wakakimbilia bidhaa. Mhubiri wetu atasema: hao hawakuwa watu wabaya, walikuwa na njaa na bei zilikuwa juu. Walikosa kungoja kidogo tu. Sura hiyohiyo inawaambia watu waache biashara wakati wa wito, kisha sala ikiisha watawanyike watafute riziki. Haikatazi soko. Inaomba subira ya kitambo, halafu inamrudisha mtu kazini.

Kisha anaingia sokoni. Anasimulia hadithi iliyopokewa na Muslim: Mtume alipita kwenye lundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamwuliza mwenye mali. Yule akajibu kwamba mvua iliinyeshea. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, akasema kwamba mwenye kudanganya si wa kwake. Angalieni, wamama: hakumlaumu kwa mvua, wala hakumkataza kuuza. Kosa lilikuwa kuficha. Nafaka iliyolowa inaweza kuuzwa kwa bei yake, ikiwa juu.

Hapa mhubiri anataja mambo ya kwetu. Gunia la makala lenye vipande vikubwa mdomoni na vumbi chini. Makala yaliyomwagiwa maji ili yawe mazito. Gunia la mawe ya madini lenye jiwe zuri juu na udongo katikati, na kwa upande wa pili, balansi ya mnunuzi isiyosoma sawa. Tulimwomba ataje pande zote mbili, kwa sababu mchimbaji akisikia anasemwa yeye peke yake, ataziba masikio. Na akisikia anasemwa mnunuzi peke yake, atatoka anafurahi bila kujifunza kitu.

Halafu hesabu, moja tu. Tuseme gunia la unga la kilo 50 linatoa meka 20 za kilo mbili na nusu. Mtu akigonga kitako cha meka kiingie ndani, gunia lilelile linatoa meka 22. Akiuza meka kwa franka 4.000, badala ya 80.000 anapata 88.000. Kwake ni franka 8.000 za haraka. Kwa mnunuzi, kila meka imepungua karibu gramu 230. Hilo ni kama bonge la bukari la mtoto mmoja. Familia inayonunua meka moja kila siku, kwa mwezi inapoteza karibu kilo saba, yaani karibu meka tatu nzima. Hakuna aliyeona mwizi, lakini siku tatu za chakula zimeondoka.

Ndipo inasomwa aya. Alichagua mwanzo wa sura ya 83, ambayo jina lake ni Wapunjaji: ole kwa wale ambao wakijipimia wanataka kijae, na wakiwapimia watu wanapunguza. Hatuiandiki maneno yake hapa. Maana yake ni kwamba mtu ana meka mbili, moja ya kununulia na moja ya kuuzia. Mhubiri anakaa. Watu wanabaki na picha hiyo.

Hotuba ya pili ni fupi, dakika tano, na ndiyo inayofunga subira na biashara pamoja. Anamtaja nabii Shuaibu na watu wa Madyan, wanaosimuliwa katika sura ya Hudi. Shuaibu hakwenda kwa waliopunjwa kuwaambia vumilieni. Alikwenda kwa wenye kupima, akawaambia watimize kipimo na mizani, na kwamba kile Mungu anachowabakizia ni bora kwao. Basi subira ya biashara ni ya nani? Ni ya yule aliyeshika meka. Gunia linakwisha polepole, jirani mwenye kitako kilichogongwa anauza kwa bei ya chini na wateja wanakwenda kwake, ada ya shule inangoja. Kubaki na meka nzima siku hiyo ndiyo subira. Na hadithi nyingine inasema subira ya kweli ni ile ya pigo la kwanza. Mhubiri ataieleza hivi: si ile ya jioni ukishazoea hasara, ni ile ya asubuhi mkono unapotafuta nyundo.

Kuna subira ya pili, ya kungoja deni. Sura ya pili, aya ya 280, inataka mdaiwa mwenye shida apewe muda mpaka apate nafuu, na kumsamehe ni bora zaidi. Lakini mhubiri atasema pia kwamba muda huo ni wa asiye na kitu. Anayepokea mshahara na kumzungusha mama wa soko hana sehemu katika aya hiyo. Kuchelewesha deni ukiwa na uwezo ni dhuluma, na hilo Mtume alilisema wazi. Tuliona wanaume wengi watakaa vizuri kwenye mkeka hapo.

Anamaliza kwa dua, basi. Hotuba haikuongezwa tangazo la mchango.

Sasa tuwaambie kilichotokea. Ijumaa ilipita. Jumatatu, mmoja wetu ambaye hakuwa msikitini, kwa sababu sala ya Ijumaa si lazima kwa wanawake na siku hiyo alikuwa anauza, alisimuliwa na mume wake. Akaja na meka yake imefungwa kwenye kitenge. Akatuambia: “Niliinunua hivi hivi, imeshagongwa. Nimeitumia miaka minne. Waliokula hasara nitawapata wapi?” Alikuwa analia.

Tulimpeleka kwa mhubiri. Alimjibu kwamba haki ya mtu haifutwi kwa kutubu peke yake, inarudishwa. Wateja anaowajua, awaongezee unga kidogo kidogo mpaka moyo wake ukubali kwamba wamefikia, au awaombe msamaha. Wasiojulikana, wanazuoni wengi wanasema atoe sadaka kwa niaba yao kwa kadiri anavyokisia. Hakumwambia aseme mbele ya soko zima. Akamkumbusha pia kwamba Mtume alimwambia mpimaji mmoja sokoni apime na kuzidisha kidogo. Tangu Jumatano mama huyo anajaza meka mpya, kisha anaongeza mkono mmoja juu. Anasema gunia linakwisha mapema na faida imepungua. Hatutamdanganya kwamba wateja wamejaa, bado.

Kwa kikundi chetu tulikubaliana kitu kimoja. Kila Jumamosi kutakuwa na meka moja nzima na ndoo ya maji nyumbani kwa katibu. Jaza meka hiyo maji hadi ukingo, mimina ndani ya meka yako. Maji yakimwagika, yako ni ndogo. Yakifika ukingo sawasawa, ni nzima. Unga unaweza kushindiliwa au kutikiswa ukadanganya macho, maji hayashindiliki. Jaribio hilo halionyeshi mkono unaopima, kwa sababu meka nzima inaweza kukwanguliwa chini ya ukingo. Hilo linabaki kwa kila mama na Mungu wake.

Leteni meka zenu. Yetu ya darasani, tunayofundishia watoto vipimo, tuliijaribu kwanza. Ilikuwa pungufu, nasi hatukujua.