Kukimbilia dola si kukimbia mfumuko wa bei

Januari 2024 kila mse mtaani alikuwa mtaalamu wa dola. Ilikuwa imefika karibu Sh160, na mwanzoni mwa 2022 ilikuwa Sh113 hivi. "Itagonga mia mbili," tuliambiana. Nikatoa laki moja niliyoweka kidogokidogo kwa mwaka mzima, nikaenda kwa duka la kubadilisha pesa, nikarudi keja na dola 625. Nilijiona mjanja manze.

Aprili nilihitaji doo. Duka lilinunua dola zangu kwa Sh128 kila moja. Piga hesabu: Sh80,000. Elfu ishirini zimeenda, na hakuna aliyeniibia.

Kilichotokea ni hiki. Hofu iliyopandisha dola ilikuwa ya deni la Yurobondi, dola bilioni 2 ambazo Kenya ilifaa kulipa Juni 2024. Watu waliogopa serikali haitapata hizo pesa. Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa soko la nje ili kulipa sehemu kubwa ya deni hilo mapema. Mwezi huohuo ikauza hatifungani ya miundombinu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18, na wageni wakaleta dola zao kuinunua. Hofu ikaisha, shilingi ikapanda. Mimi nilikuwa nimenunua hofu kwa bei ya juu kabisa.

Lakini kosa langu halikuwa kununua siku mbaya. Kosa lilikuwa kuchanganya mambo mawili. Mimi hulipwa kwa shilingi. Kodi ya nyumba, unga, matatu na bando nalipa kwa shilingi. Adui ya akiba yangu ni kasi ya bei kupanda hapa Kenya, na Januari hiyo kasi ilikuwa asilimia 6.9 kwa mwaka. Dola ikipanda, mafuta na bidhaa za nje hupanda, ni kweli, ila si kwa kiwango kilekile na si siku ileile. Na dola ikishuka, landilodi hakupunguzii kodi. Kwa hivyo nilikuwa nimeacha hatari ya asilimia 7 kwa mwaka, nikabeba nyingine iliyonitoa asilimia 20 kwa miezi mitatu.

Sasa tuseme ningekopesha serikali hizo pesa kupitia hati za Hazina za siku 91. Januari hiyo zilikuwa zinalipa takriban asilimia 16 kwa mwaka. Hati hizi huuzwa kwa punguzo: unalipa kama Sh96,200 leo, baada ya siku 91 unapata laki. Faida ni karibu Sh3,800. KRA inakata asilimia 15 ya faida hiyo, unabaki na kama Sh3,200. Bei kwa hiyo miezi mitatu, kwa kasi ile ya mwaka, zingepanda kama asilimia 1.7, yaani Sh1,700 hivi kwa kila laki. Umeshinda, si kwa kishindo, lakini umeshinda.

Unaingia kwa DhowCSD ya CBK, ukiwa na akaunti ya benki, na unaanza na Sh50,000. Kama huna hiyo, mifuko ya soko la fedha inapokea hata elfu moja, na mingi hununua hati hizohizo. Hakikisha tu iko kwa orodha ya CMA kabla hujatuma chochote.

Hii njia haishindi kila wakati, tusidanganyane. Oktoba 2022 mfumuko ulifika asilimia 9.6 na hati za siku 91 zililipa karibu asilimia 9. Ukitoa ushuru, umebaki na kama 7.6, kwa hivyo akiba ilikuwa inaliwa taratibu. Bado ni afadhali kuliko kuziacha kwa M-Pesa, ambako hazizai chochote. Ndiyo maana kila mwisho wa mwezi KNBS inapotoa takwimu, mimi hufanya hesabu moja tu: riba yangu mara 0.85, nitoe mfumuko. Jibu likiwa chini ya sufuri miezi kadhaa mfululizo, natafuta hatifungani ya muda mrefu kwa zile pesa sitazigusa karibuni.

Na dola je? Ziko na kazi yake. Kama unajua Septemba utalipa karo ya ng'ambo au utaagiza laptopu kwa dola, nunua dola za hiyo gharama pekee, polepole, kila mwezi kiasi. Waliozinunua mwanzoni mwa 2022 walipata faida tamu, siwezi kuwanyima hiyo. Rafiki yangu mmoja ni kati yao, na bado hunitumia picha ya noti ya dola mia kila Januari.