Dakika 15 mbele ya jopo: Kiswahili kizuri peke yake hakitoshi

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa hiyo mwalimu aliyetoka Kongo, au aliyevuka kutoka upande wa Kenya, ana sababu nzuri ya kupeleka maombi Busia au Tororo. Kabla ya hapo, hakikisha vyeti vyako vya sekondari vya nje vimelinganishwa na Baraza la Mitihani, UNEB, kwani bila hilo hata somo zuri la majaribio halitakusaidia.

Kinachowaangusha wengi ni somo hilo lenyewe. Unakijua Kiswahili tangu utotoni, basi unazungumza. Lakini watoto wa darasa la tano hapa nyumbani wanasema Ateso, Kisamia au Kijapadhola, na wanajopo waliokaa kwenye madawati wataigiza hao. Mmoja atapiga kelele makusudi, mwingine atachelewa kuingia. Wanataka kuona utafanya nini.

Tuseme umepewa dakika 15. Chagua jambo dogo: "kitabu changu, vitabu vyangu". Salamu isizidi dakika moja. Inua kitabu kimoja, sema, wao warudie, kisha viwili. Kabla ya kugawa karatasi, toa agizo lote: nani afanye na nani, wafanye nini, kwa dakika ngapi. Ukigawa kwanza, hakuna atakayekusikiliza tena, na hapo ndipo darasa la watoto 80 hupotea. Mwombe mmoja arudie agizo, maana swali la "mmeelewa?" hujibiwa "ndiyo" na wote, hata wasioelewa.

Wakifanya kazi wawili wawili, tembea. Yule mwenye kelele, sogea ukasimame karibu naye huku ukiendelea kufundisha. Asiponyamaza, mtaje jina na umpe swali analoliweza. Aliyechelewa aketi, umalizane naye baada ya kipindi. Kuwakusanya wote, piga makofi matatu nao wajibu kwa mawili, lakini wafundishe ishara hiyo mwanzoni, si fujo ikishaanza.

Usitaje fimbo, hata kwa utani (na utani huo nimeusikia mara nyingi). Uganda imepiga marufuku adhabu ya viboko shuleni kwa marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016, na Kenya kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013.

Acha dakika tatu za mwisho. Inua kikombe, kitu ambacho hukukifundisha, umwulize yule aliyekuwa akipiga kelele. Akisema "kikombe changu", jopo limeona amejifunza. Akisema "kikombe yangu", usione haya: rudi kwenye kitabu, mwelekeze, mwulize tena. Wanajopo wakikuuliza baadaye kwa nini ulirudi nyuma, waeleze hivyo hivyo.