Mia Tatu ya Nini? Ukali wa Picha na Usomaji wa Miswada ya Kiswahili ya Hati za Kiarabu

1.0 Suala Lenyewe

Mhakiki wa leo wa mswada wa Kiswahili ulioandikwa kwa hati za Kiarabu aghalabu haushiki mswada wenyewe. Hupokea faili la PDF kutoka maktaba, na kazi yake ya kwanza, kabla hata ya kunukuu ubeti mmoja kwa hati za Kirumi, ni kuugeuza kila ukurasa wa faili hilo uwe picha. Programu za kunukulia matini mstari kwa mstari hufanya kazi juu ya picha za kurasa. Na anayetaka kukata neno moja lenye utata ili aliweke katika tasnifu yake hana njia nyingine iliyo nyepesi.

Agizo analopewa mwanafunzi wa uzamili kuhusu kazi hii huwa fupi: kurasa zigeuzwe kwa ukali wa 300, yaani pikseli 300 katika kila inchi. Agizo hilo limerudiwa mara nyingi hata limekuwa kama kanuni. Hoja inayojengwa katika makala haya ni kwamba, jinsi linavyotolewa, agizo hilo halina maana kamili, kwa sababu halisemi inchi inayohusika ni ya kitu gani. Aidha, picha iliyotolewa vibaya inaweza kuzaa usomaji ambao hakuna mwandishi yeyote wa mswada aliyeuandika, na kosa hilo likaishia kuhesabiwa kuwa lake.

2.0 Nukta na Pikseli

Katika hati za Kiarabu herufi be, te, the, nuni na ye, zikiwa mwanzoni au katikati ya neno, zina umbo moja: jino dogo lililosimama juu ya mstari. Kinachozitenganisha ni nukta peke yake. Be ina nukta moja chini na nuni ina moja juu; te ina mbili juu na ye ina mbili chini; the ina tatu juu. Msomaji wa tenzi anajua kwamba hati hii ina utata wake wa asili, kwani waandishi wengi walitumia be kwa sauti /b/ na /p/, mara nyingine hata kwa /mb/. Utata huo ni wa hati, na mhakiki amefunzwa kuushughulikia kwa kutazama muktadha, vina na mizani. Utata unaoletwa na picha ni wa namna nyingine, na hakuna mizani itakayoufichua.

Yachukuliwe maneno mawili ya kawaida katika tenzi, tena na nena. Irabu zake ni zile zile, mizani ni ile ile, na nuni ya pili ni ile ile. Tofauti iko katika jino la kwanza: nukta mbili juu, au moja. Iwapo nukta mbili za te zimegandana zikawa doa moja, tena inasomeka nena, na mara nyingi ubeti utakubali maneno yote mawili bila kulalamika.

Kugandana huko ni jambo la hesabu. Na ikadiriwe kwamba kalamu imeacha nukta yenye upana wa nusu milimita, na kwamba nafasi kati ya nukta mbili ni sehemu tatu za kumi za milimita. Kwa ukali wa 300, milimita moja ya karatasi ina pikseli karibu 12. Nukta itapata pikseli sita na nafasi kati yake itapata tatu na nusu, hivyo nukta mbili zitaonekana kuwa mbili. Kwa ukali wa 150, nafasi hiyo haifiki pikseli mbili, na wino ukiwa umetanuka kidogo jicho linaanza kukisia. Kwa ukali wa 72, nafasi haifiki hata pikseli moja, na nukta mbili ni doa. Si jambo dogo, basi, kwamba programu ya pdftoppm isipoambiwa lolote hutumia 150, na ImageMagick hutumia 72. Mwanafunzi asemaye kwamba hakubadili chochote amekwisha kuchagua.

3.0 Inchi ya Karatasi na Inchi ya PDF

Hesabu iliyotangulia ni ya milimita za karatasi ya mswada. Programu ya kugeuza haiijui karatasi hiyo. Inachokijua ni ukubwa uliotangazwa ndani ya PDF, unaopimwa kwa pointi, na kila inchi ina pointi 72. Ukurasa wa A4 una pointi 595 kwa 842. Programu ikiambiwa 300 hugawa kwa 72, huzidisha kwa 300, na kutoa picha ya pikseli 2480 hivi kwa 3508. Ukurasa ukiwa umepangwa kwenye kompyuta, hakuna tatizo: herufi zimehifadhiwa kama maumbo ya kihesabu, na huchorwa upya kwa ukali wowote utakaotajwa. Ukurasa uliotokana na skana au kamera ni habari nyingine kabisa. Hapo PDF ni bahasha tu. Ndani yake mna picha ambayo pikseli zake zilihesabiwa siku ilipopigwa, na hazitaongezeka.

Mfano wa mafaili mawili utaonyesha matokeo yake. Yachukuliwe kuwa karatasi moja ya mswada, yenye ukubwa wa A4, imeskaniwa mara mbili. Faili la kwanza lina ukurasa wa A4, na ndani yake picha ya pikseli 1654 kwa 2339. Ukali wake halisi ni 200. Mwanafunzi akitii agizo la 300, kila pikseli mbili zitalazimishwa kuwa tatu, na programu itabuni zile zinazopungua kwa kukadiria kutoka kwa jirani zake. Picha itakuwa na pikseli zaidi ya mara mbili ya zile za awali, bila nukta hata moja kuonekana vizuri zaidi. Kingo za nukta zitafifia, na mhakiki atadhani ni wino uliochuja.

Faili la pili lina picha bora zaidi, ya pikseli 2480 kwa 3508, lakini aliyelitengeneza hakutangaza ukubwa wa karatasi, na programu yake ikaipa kila pikseli pointi moja. Ukurasa umekuwa na pointi 2480 kwa 3508, yaani inchi 34 kwa karibu 49: bango la ukutani. Agizo la 300 likitekelezwa hapa, kila ukurasa utazaa picha ya pikseli 10334 kwa 14617, jumla ya milioni 151, na kompyuta ndogo huenda ikakwama kabla ya kurasa kumi. Namba iliyo sahihi kwa faili hili ni 72. Ni ile ile iliyoharibu tena na nena katika sehemu iliyotangulia, lakini hapa inatoa picha kamili, pikseli kwa pikseli, kwa sababu inchi imebadilika.

Kwa hiyo la kwanza si kuchagua namba, bali kuliuliza faili:

```
pdfimages -list mswada.pdf
```

Jibu ni jedwali lenye mstari mmoja kwa kila picha. Safu za `width` na `height` hutaja pikseli zilizopo. Safu za `x-ppi` na `y-ppi` hutaja ukali wake kwa kipimo cha ukurasa ule. Safu ya `enc` hutaja namna ilivyohifadhiwa. Faili la kwanza litaonyesha 200, na la pili 72. Namba hiyo, na si nyingine, ndiyo ya kuipa programu ya kugeuza:

```
pdftoppm -r 200 -png mswada.pdf ukurasa
```

Ikiwa kila ukurasa una picha moja tu inayoujaza, ipo njia iliyo bora kuliko hiyo. Amri ya `pdfimages -all mswada.pdf picha` haichori ukurasa upya. Huitoa picha katika bahasha kama ilivyowekwa, na ikiwa ilikuwa JPEG hutoka ikiwa JPEG ile ile. Kasoro yake ni kwamba haizingatii mzunguko uliotangazwa kwa ukurasa, hivyo karatasi zilizoskaniwa kwa ubavu hutoka zimelala.

4.0 Vumbi la JPEG

Uchaguzi kati ya PNG na JPEG huchukuliwa mara nyingi kuwa suala la ukubwa wa faili. Kwa hati yenye nukta ni suala la usomaji. PNG hupunguza ukubwa bila kupoteza chochote. JPEG huigawa picha katika miraba ya pikseli nane kwa nane, na ndani ya kila mraba hutupa mabadiliko madogo ya ghafla ambayo jicho halitayahisi katika picha ya mandhari. Lakini nukta ya pikseli sita ni badiliko la ghafla ndani ya mraba mmoja. Kinachobaki kuizunguka ni chembe hafifu za kijivu, mfano wa vumbi, na chembe moja ikikolea juu ya jino lisilostahili hugeuka nukta. Wino mwekundu, ambao waandishi wengi waliutumia kwa alama za kutenga vipande vya ubeti, huumia zaidi, kwa sababu JPEG kwa kawaida huhifadhi rangi kwa ukali wa nusu tu ya ule wa mwangaza.

Vumbi hilo linatambulika. Picha ikikuzwa mara nne au zaidi, chembe za JPEG hukoma ghafla kwenye mpaka wa mraba, na hujitokeza pia kando ya mistari mirefu ya alifu na lamu. Doa la wino halijui miraba. Ni vyema kusisitiza kwamba kuigeuza JPEG kuwa PNG hakuliondoi vumbi lililokwisha kuingia. Kunazuia tu lisiongezeke. Pale ambapo JPEG hailazimishwi, haifai kwa kazi hii.

5.0 Kurasa za Tabaka

Mwenendo ulioelezwa hapo juu una mpaka wake. Baadhi ya maktaba hupunguza mafaili kwa kuupasua ukurasa katika tabaka: mandharinyuma ya rangi yenye ukali mdogo, na juu yake kinyago cheusi na cheupe chenye ukali mkubwa kinachobeba maandishi. Jedwali la `pdfimages -list` hulifichua jambo hili kwa kuonyesha picha mbili au tatu kwa kila ukurasa, zenye `x-ppi` tofauti, mathalani 100 na 300. Kuzitoa picha moja moja hakufai hapo. Ukurasa uchorwe kwa pdftoppm kwa ukali wa kinyago.

Hata hivyo, programu iliyoupasua ukurasa ndiyo iliyoamua kipi ni maandishi na kipi ni karatasi. Wino mweusi uliokolea huingia katika kinyago. Wino uliopauka, alama nyekundu, na irabu zilizoongezwa baadaye kwa kalamu nyembamba huweza kuachwa nyuma katika ukali wa 100, ambapo nafasi kati ya nukta mbili ni pikseli moja na kidogo. Ukurasa wa namna hiyo huonekana safi kuliko mswada wenyewe, na hapo ndipo ulipo udanganyifu wake: fat-ha isiyoonekana haimaanishi kwamba haikuandikwa. Mhakiki anayekutana na faili hilo hana budi kuiomba maktaba picha za awali za kurasa zenye utata, akitaja namba za kurasa. Asipozipata, maelezo ya uhariri yataje ukali wa kila tabaka, ili atakayefika siku moja mbele ya mswada wenyewe ajue aanzie wapi kutilia shaka.