Giga 64 kwenye kartoni, giga 50 kwenye kompyuta: nani ametuibia?

Wiki ya jana, hapa Butembo, mama mmoja jirani yangu alirudi kwenye butiki na simu mpya mkononi na hasira tele. Alikuwa amemnunulia kijana wake simu ya giga 64, kwa sababu kijana huyo anapiga video za ndoa. Jioni ile ile kijana akaichomeka kwenye kompyuta, na kompyuta ikaandika kwamba simu ina 50,3 Go. Giga karibu 14 hazionekani. « Papa, umeniuzia kitu kilichokatwa, » mama alimwambia muuzaji. Muuzaji naye akajibu kwa ufupi: « Mama, ni mambo ya sisteme tu. » Watu wakajaa mlangoni, na mimi nikaitwa kuangalia.

Mara hii muuzaji alikuwa na haki. Lakini jibu lake la « mambo ya sisteme tu » ndilo linalonisumbua, maana linatumiwa na wauzaji waaminifu na pia na wezi, na mnunuzi hana njia ya kuwatofautisha. Njia ipo, na inaanza na hesabu ya shule ya msingi.

Kila mtu hapa anajua kwamba kilo ni elfu moja. Kilometa ni meta 1.000, kilo ya maharagwe ni gramu 1.000. Vivyo hivyo kiwanda cha simu kinahesabu: kilo ni baiti 1.000, mega ni milioni moja, giga ni bilioni moja. Baiti ni kile ambacho Kifaransa kinaita oktete, ndiyo maana kompyuta zetu zinaandika Go wakati kartoni inaandika GB. Ni kitu kimoja. Kwa hiyo giga 64 za kwenye kartoni ni baiti 64.000.000.000, na kwa simu halali zote zimo.

Shida inatoka kwenye kompyuta. Memori yake imejengwa kwa nyaya zenye hali mbili tu, umeme upo au haupo. Kila ukiongeza waya mmoja, idadi ya nafasi inajizidisha mara mbili: 2, 4, 8, 16, hadi nyaya kumi zinakupa nafasi 1.024. Mafundi wa zamani waliona 1.024 iko karibu sana na 1.000, wakaiita kilo bila kufikiri mara mbili. Wakati huo haikuumiza mtu, tofauti ilikuwa kama 2 kwa mia. Lakini kila unapopanda ngazi, tofauti inajizidisha pamoja nawe. Giga ya namna hiyo ni 1.024 mara 1.024 mara 1.024, yaani baiti 1.073.741.824. Hapo tofauti imefika zaidi ya 7 kwa mia, na kwenye tera inakaribia 10.

Turudi kwa simu ya mama. Chukua baiti bilioni 64, gawa kwa hiyo giga kubwa ya kompyuta, unapata 59,6. Hakuna hata baiti moja iliyopotea, ni debe la kupimia lililokuwa kubwa zaidi. Basi kutoka 59,6 hadi 50,3 kuna nini? Hapo ndipo sisteme yenyewe inapokaa: Android, programu za kiwanda, na sehemu ambazo mwenye simu haruhusiwi kugusa. Zidisha 50,3 kwa 1,0737, unapata 54. Simu hiyo ilikuwa imeshikilia giga 10 hivi kwa ajili yake, na ukijumlisha 54 na 10 unarudi kwenye 64. Tulipofungua Parametres za simu, sehemu ya memori, iliandika 64 kamili, na mstari wa sisteme ulikuwa na giga 10 na kidogo. Hesabu ilifunga, na mama akanyamaza.

Sasa maoni yangu. Kuhusu neno giga, kiwanda hakikudanganya. Anayepotosha ni programu ya kompyuta inayohesabu kwa 1.024 halafu inaandika herufi zile zile za anayehesabu kwa 1.000. Tangu mwaka wa 1998 tume ya kimataifa ya ufundi wa umeme, IEC, ilitoa majina ya kutenganisha: giga kubwa iitwe gibi, na iandikwe GiB. Apple iliamua mwaka wa 2009 kuhesabu kwa 1.000 kwenye kompyuta zake, kama kartoni. Windows, ambayo ndiyo iko karibu katika kila sekretaria ya mji huu, bado inahesabu gibi na kuandika GB ama Go. Ingetosha kuongeza herufi moja, i.

Lakini kiwanda nacho hakitoki bila lawama. Anajua vizuri kwamba giga 10 hutazitumia hata siku moja, na bado anaandika 64 kwa herufi kubwa. Unaponunua mchele kwenye gunia, uzito wa gunia hauhesabiwi kama mchele. Nafasi itakayobaki kwa mwenye simu siku ya kwanza iandikwe kando ya ile 64, kwa herufi zinazosomeka. Wanaoagiza mizigo kutoka Dubai na China wangeweza kuidai, na wale wanaokagua bidhaa mipakani pia.

Kwa sasa, shika kipimo hiki. Fleshi au karti memori haina sisteme ndani yake, kwa hiyo kompyuta yenye Windows inapaswa kuonyesha karibu 93 kwa mia ya kilichoandikwa, ama kidogo chini: ya 32 itaonyesha karibu 29,8, ya 64 karibu 59,6, ya 128 karibu 119. Ikionyesha nusu, usikubali kuambiwa mambo ya sisteme.

Na hata ikionyesha sawa, bado si ushahidi. Kuna fleshi ambazo chipu yake imefundishwa kusema uongo: ndani kuna giga 8, lakini inaiambia kompyuta ni 128. Unakopi, inakubali, majina ya faili yote yanaonekana. Siku ya kuyafungua, yale yaliyopita giga 8 hayachezi, au yamefuta ya kwanza. Kwa kuijua, ijaze yote, itoe, irudishe, halafu cheza filamu ya kwanza, ya katikati na ya mwisho hadi mwisho wake. Programu ya bure inayoitwa H2testw inafanya kazi hiyo yenyewe: inaandika hadi fleshi ijae, kisha inasoma kila kitu tena. Fleshi kubwa inaweza kuchukua saa kadhaa, basi kubaliana na muuzaji mapema kwamba utairudisha ikishindwa.

Ninasema hivyo kwa sababu mama yule alikuwa amenunua siku hiyo hiyo, mezani kando ya barabara, fleshi ya 128 kwa bei nzuri. Hakuilalamikia, kwa sababu kompyuta ilionyesha 117 na kijana aliona ni nyingi ya kutosha. Tuliiacha ikipimwa usiku kucha. Asubuhi H2testw iliandika kwamba 7,4 tu ndizo zilizosomeka, zingine zote zimepotea. Mwenye meza hakuwa tena mahali pake, na video za ndoa mbili zilikuwa zimekwisha kuhamishiwa humo.