Wastani Usifungue Lango

Mnamo mwezi wa Januari 2024, kampuni ya DPD, inayosafirisha vifurushi nchini Uingereza, ililazimika kuzima sehemu ya mtambo wake wa kuwajibu wateja. Mteja mmoja aliyekuwa akitafuta kifurushi chake alikuwa ameushawishi mtambo huo utoe matusi na kutunga shairi la kuikashifu kampuni yenyewe. Kampuni ilieleza kwamba kosa hilo lilitokea baada ya mfumo kufanyiwa marekebisho siku iliyotangulia. Swali linalozuka ni moja: je, kabla ya marekebisho kufikishwa kwa umma, mtambo wa namna hiyo uulizwe nini, na nani aamue kuwa umefaulu?

Mtambo wa aina hii, ambao siku hizi huitwa chatboti, huendeshwa na modeli ya lugha pamoja na waraka wa maelekezo ulioandikwa kwa maneno ya kawaida. Katika programu ya kompyuta iliyozoeleka, fundi akibadili mstari mmoja aweza kufuatilia mistari inayoutegemea. Katika waraka wa maelekezo hawezi. Modeli husoma sentensi zote kwa pamoja, na sentensi mpya yaweza kudhoofisha nyingine iliyo mbali nayo. Ndiyo sababu kila badiliko, hata la neno moja, lipaswa kuamsha mtihani unaojiendesha wenyewe: maswali yale yale ya zamani yaulizwe upya, na majibu yalinganishwe na yale ya waraka uliotangulia.

Wahandisi wengi wanakubali hayo. Wanapokosea ni katika kuweka alama ya kufaulu.

Tuchukue mfano wa kubuni wa idara ya maji. Waraka wake unaagiza kwamba mteja akitaja bomba lililopasuka, apewe namba ya simu ya dharura. Wateja wanalalamika kuwa majibu ni marefu, hivyo karani anaongeza sentensi hii: “Jibu kwa sentensi zisizozidi mbili.” Mtihani una maswali 60, na kila swali linaulizwa mara 5, jumla majibu 300. Waraka wa zamani ulipata majibu sahihi 288, yaani asilimia 96. Mpya unapata 291, asilimia 97. Kwa hesabu ya wastani, lango lafunguka.

Lakini miongoni mwa maswali hayo limo la mteja anayelalamikia ankara na papo hapo kusema bomba limepasuka mbele ya nyumba. Zamani namba ya dharura ilitolewa mara 5 kati ya 5. Sasa yatolewa mara 2 tu. Sentensi mbili zimekwisha katika kuzungumzia ankara. Maswali mengine yamepata nafuu, na nafuu hiyo imeficha hasara. Badiliko hili lilistahili kuzuiwa. Swali la hatari lisijumlishwe na mengine. Liwe na lango lake, na likishuka, kazi isimame hata kama jumla imepanda.

Hata hivyo mara 5 hazitoshi. Modeli haitoi jibu moja daima kwa swali moja. Kosa linalojitokeza mara moja katika kila majibu 10 laweza kupenya majaribio 5 bila kuonekana kwa uwezekano wa asilimia 59. Likijaribiwa mara 20, uwezekano huo washuka hadi asilimia 12 hivi. Wanaolalamikia gharama wana haki kidogo, lakini si lazima maswali yote 60 yarudiwe hivyo. Yale machache ya hatari yatosha.

Kusahihisha nako kuna mtego. Kuwapo kwa namba ya dharura kwaweza kukaguliwa na programu ndogo inayotafuta tarakimu katika jibu. Uungwana wa jibu hausahihishwi hivyo, na wengi huikabidhi kazi hiyo modeli nyingine. Msahihishaji huyo ana tabia inayojulikana ya kupendelea majibu marefu, kwa hiyo katika mfano wetu angeweza kuadhibu ufupi ule ule uliotakiwa. Sharti alama zake zilinganishwe kwanza na za binadamu aliyesoma majibu kadhaa mwenyewe.

Karani anaurudia waraka na kuandika: “Isipokuwa kwa dharura, jibu kwa sentensi zisizozidi mbili.” Swali la bomba lafaulu mara 20 kati ya 20. Safari hii, mteja anayeuliza saa za kufunguliwa ofisi anapewa namba ya dharura pia. Lango lafungwa tena, na waraka warudi mezani.