Barua Iliyodunda Si Taarifa

Katika maisha yetu ya uanafunzi kuna sentensi moja inayoniudhi kuliko zote, nayo ni hii: “Tulikutumia barua pepe.” Husemwa kwa upole, na ikishasemwa mjadala umekwisha. Aliyetuma amemaliza kazi yake. Kama hukupata, huo ni uzembe wako. Nataka kuipinga sentensi hiyo. Mara nyingine ofisi inayoitamka ilishajibiwa, dakika ileile ya kutuma, kwamba barua imekataliwa mlangoni. Jibu lilifika, ila hakuna mtu aliyelisoma.

Nianze na yaliyotukuta. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anaishi kambini Dzaleka, wilaya ya Dowa, zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe. Jumamosi moja alikuja Chilinde nyumbani kwa mama mdogo, ambaye ameolewa na Mmalawi, ili tujaze pamoja fomu ya kuomba nafasi ya shahada ya masomo ya mtandaoni. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Jumatatu. Fomu ilimtaka kwanza afungue akaunti. Akaandika anwani yake ya barua pepe, na skrini ikamwambia kwamba ametumiwa namba ya uthibitisho ya tarakimu 6, itakayotumika kwa dakika 10 tu.

Namba haikuja. Akabonyeza atumiwe tena, haikuja. Tukatazama kwenye Spam, hakuna kitu. Mama mdogo akasema, “Labda mtandao umelala, wanangu, tokeni nje.” Tukatoka nje, tukasimama karibu na bomba, tukaongeza bando. Alipojaribu mara ya nne, mfumo ukamfungia: amejaribu mara nyingi mno, arudi baada ya saa 24. Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo tungelifanya mwanzoni. Nilimwandikia kaka barua pepe fupi kutoka kwenye anwani yangu. Baada ya muda mfupi nikapata jibu, si kutoka kwake bali kutoka kwa mtumaji anayejiita Mail Delivery Subsystem, likisema kwamba sanduku la huyo ndugu limejaa. Mtandao haukuwa na kosa lolote. Tuliongeza bando bure.

Hebu tuone kilichotokea. Seva inayotuma barua haitupi barua hewani. Hubisha hodi kwenye seva ya mpokeaji, ikamtaja mpokeaji, kisha ikangoja jibu. Jibu huja kwa tarakimu. Likianza na 2, barua imepokewa. Likianza na 4, maana yake ni “si sasa, jaribu baadaye.” Likianza na 5, maana yake ni “hapana, usirudi nayo.” Sanduku la Gmail likiwa limejaa, jibu huwa kama hivi:

```
452 4.2.2 The recipient's inbox is out of storage space.
```

Hiyo 4.2.2 ni alama ya sanduku lililojaa, na ndugu yake wa kudumu ni 5.2.2. Sasa tazama hesabu. Kanuni za barua pepe, zilizochapishwa mwaka 2008 kwa jina RFC 5321, zinaishauri seva iliyoambiwa “si sasa” ingoje angalau dakika 30 kabla ya kubisha tena, na iendelee kujaribu kwa siku 4 au 5 kabla ya kukata tamaa. Kwa barua ya shangazi utaratibu huo ni mzuri sana. Kwa namba ya uthibitisho ni mzaha. Namba inaishi dakika 10, na mjumbe anarudi baada ya dakika 30. Hata kaka angesafisha sanduku lake palepale, barua ambayo ingeingia ingebeba namba iliyokwisha kufa.

Wapo watakaosema: asafishe sanduku lake, ana barua nyingi za nini? Na mimi nilidhani hivyo. Jumapili asubuhi tulikaa saa mbili nzima tukifuta barua, moja baada ya nyingine, na kiasi kilichotumika hakikupungua kwa kitu cha kuonekana. Sababu ni mbili. Ya kwanza, barua iliyofutwa hukaa siku 30 katika sehemu inayosomeka Bin au Trash, na muda wote huo bado inahesabiwa. Ya pili ndiyo kubwa: barua hazikuwa tatizo. Gmail hutoa gigabaiti 15 za bure, lakini nafasi hiyo ni moja kwa barua, faili za Drive na picha za Google Photos. Tena, tangu mwaka 2024, nakala za akiba za WhatsApp kwenye simu za Android nazo zinahesabiwa humohumo. Hapo awali hazikuhesabiwa. Tulipofungua ukurasa wa one.google.com/storage tukaona ukweli. Barua zote za kaka hazikufika hata gigabaiti 1. Nakala ya WhatsApp peke yake ilikuwa zaidi ya 10, na nyingi zilikuwa video: za harusi, za mahubiri, za mpira na za vichekesho vya makundi, ambazo yeye mwenyewe hakuzitazama mara mbili.

Kwa hiyo sanduku la barua la kijana huyu lilizibwa na kitu ambacho si barua. Anatumia WhatsApp kwa sababu ndugu zake wako Uvira, Bujumbura na Nairobi, na ndiyo njia rahisi ya kuwapata. Simu yake ilikuwa imepangwa kuhifadhi nakala kila usiku, yeye amelala. Kumwita mzembe kwa hilo ni sawa na kumlaumu mtu kwa kuwa jirani ameegesha mkokoteni mbele ya mlango wake.

Ni kweli kwamba mwenye sanduku huonywa. Gmail humwonyesha tangazo kwamba nafasi inakaribia kwisha, na kaka alikiri kwamba aliliona akalipuuza. Hapo ana kosa, wala simtetei. Lakini angalieni tofauti iliyopo. Mwenye sanduku huambiwa kwamba limejaa. Haambiwi ni nani aliyebisha hodi, lini, na kwa habari gani. Anayejua hayo ni mtumaji peke yake, kwa kuwa jibu la kukataliwa hurudi kwake. Ujuzi uko upande mmoja, na lawama iko upande mwingine. Huo ndio udhalimu ninaouzungumzia.

Basi mtumaji hulifanyia nini jibu hilo? Katika mifumo mingi ya fomu, barua hutoka kwenye anwani ya aina ya noreply, yaani anwani iliyotengenezwa ili asijibiwe mtu. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Sisi hatumuui, tunamwacha arudi, aseme yote aliyoyaona, katika chumba kisicho na mtu. Wakati huohuo skrini ya mwombaji inaendelea kusema “Tumekutumia namba,” ilhali iliyo kweli ni “Tumejaribu kukutumia namba, na tumekataliwa.” Sentensi hizi mbili haziko mbali kwa maneno, lakini ya pili ingetuokolea usiku mzima.

Najua pingamizi mbili za watu wa mifumo, na si za kijinga. Ya kwanza ni kwamba fomu mara nyingi haitumi barua yenyewe, bali huikabidhi kwa kampuni ya kusambaza barua, na jibu hurudi kwa kampuni hiyo. Sawa, lakini huduma za namna hiyo huweza kuupelekea mfumo wa mteja taarifa ya kila barua iliyodunda. Ni suala la kuiunganisha na kuitumia. Pingamizi la pili ni la usiri: ukimwambia kila anayeandika anwani fulani kwamba sanduku lake limejaa, umemthibitishia mgeni kwamba anwani hiyo ipo. Hili nalikubali. Ila halizuii kuandika kwa wote, bila kumtaja yeyote: “Kama hujapata namba baada ya dakika 5, huenda sanduku lako limejaa, tumia ujumbe wa simu.” Maneno hayo hayafichui siri ya mtu.

Na njia hiyo ya pili lazima iwepo kweli. Mwanafunzi wa mjini akikosa namba, anaweza kwenda ofisini kesho yake. Sera ya Malawi inamtaka mkimbizi aishi kambini, na mwaka 2023 serikali iliamuru waliokuwa mijini warudi Dzaleka. Kwa mtu kama huyo skrini ndiyo ofisi. Ukimfungia skrini kwa saa 24, umemfungia jengo zima.

Lakini hoja yangu kubwa si ya namba, ni ya taarifa. Kaka alipata namba yake Jumapili usiku, saa 24 zilipokwisha, na fomu ikaenda kabla ya Jumatatu. Nafasi ilipatikana kwa njia hii: tulihamishia kwenye kadi ya kumbukumbu zile video alizozitaka, tukaondoa tiki ya kuhifadhi video katika mipangilio ya WhatsApp, tukafuta nakala ya zamani, tukatengeneza mpya palepale, kisha tukamwaga Bin. Huko kwenye barua tulitumia utafutaji huu kupata viambatisho vizito:

```
has:attachment larger:10M
```

Kisha tukakumbuka jambo lingine. Sanduku lilikuwa limejaa kwa karibu mwezi mmoja, na kabla ya hapo aliomba ufadhili mahali pengine. Jumatatu akapiga simu kuuliza. Akaambiwa alishaitwa kwenye usaili, hakuitikia, na nafasi amepewa mwingine. Akauliza aliitwaje. Mnajua alichojibiwa.

Barua iliyokataliwa kwa muda huenda ikafika kama utasafisha mapema, mtumaji akiwa bado anajaribu. Siku hizo zikipita, haifiki tena, wala haikuachii alama yoyote. Kaka asingeweza kujua. Ofisi ingeweza.

Kwa wenzangu wanafunzi: tazameni nafasi yenu leo, na namba isipokuja, jiandikieni barua kutoka anwani nyingine kabla ya kununua bando. Kwa walimu wetu: mnapoandikia darasa zima na likarudi jibu moja kutoka Mail Delivery Subsystem, msilifute. Nyuma yake kuna jina la mwanafunzi. Mtumieni ujumbe wa simu au mwambieni mwenzake. Na kwa kila ofisi inayoweka siku ya mwisho: barua iliyodunda si taarifa iliyotolewa. Siku za mtu kujibu zianze kuhesabiwa barua inapopokewa, na si inapotumwa. Mkishindwa hilo, basi angalau badilisheni sentensi yenu. Semeni, “Tulikutumia barua pepe, tukaambiwa haikufika, tukanyamaza.” Hapo tutajua tunajadili kosa la nani.