Vidonge vya Kuzuia Hedhi na Mguu Mmoja Uliovimba

Baada ya kumshukuru Mola na kumsalia Mtume wetu (S.A.W.), juma hili twasema na mama na dada zetu wanaojitayarisha kwa Umra.

Mama mmoja wa mtaani kwetu, mwenye umri wa miaka 44, alitaka ada yake ichelewe ili asikose tawafu. Duka la dawa likampa vidonge vya norethisteroni, kimoja mara tatu kwa siku, bila kuulizwa lolote. Lau angaliulizwa, angalisema kuwa dada yake aliwahi kuganda damu mguuni alipokuwa katika arobaini. Mwenyewe pia ni mtu mnene. Akatoka Lamu kwa basi hadi Mombasa, kesho yake ndege ya Nairobi, kisha ya Jidda, kisha basi tena hadi Madina, karibu kilomita 400. Njia nzima hakunywa ila mafunda machache ya maji, kwa kuogopa adha ya choo.

Damu huteremka miguuni kwa msukumo wa moyo, lakini kupanda kwake kuna taabu. Tutembeapo, misuli ya chafu huibana mishipa ya ndani irudishayo damu, iitwayo vena, ikaisukuma juu; na ndani ya vena mna vilango vinavyoizuia isirudi chini. Mtu akikaa saa nyingi amekunja magoti, misuli hulala na damu hutuama nyuma ya vilango hivyo. Hapo ndipo bonge huanza. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo ni ndogo: uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2007 ulikadiria mtu mmoja katika 6,000 kwa safari ya ndege ya zaidi ya saa 4. Ila norethisteroni ikitumiwa kwa kiasi kile, sehemu yake hugeuka mwilini kuwa estrojeni, nayo hulifanya ini kutoa kwa wingi vitu vya kugandisha damu. Unene, nasaba, kukaa na kidonge vilimkusanyikia mtu mmoja.

Siku ya pili Madina, chafu ya mguu wa kushoto ikamuuma, mguu ukavimba na kuwa na joto. Wenzake wakasema ni uchovu, wakamkanda kwa mafuta ya simsim. Nia yao ilikuwa njema, lakini uchovu huuma miguu yote miwili. Mguu mmoja ukivimba peke yake, haukandwi, hupelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Makka, katika mzunguko wa tatu wa sa'yi, pumzi zikamkatika ghafla, kifua kikamchoma kila avutapo hewa, moyo ukamwenda mbio. Kipande cha bonge kilikuwa kimekatika, kikapanda kwa vena kuu ya tumbo, kikapita upande wa kulia wa moyo na kuziba mshipa wa pafu. Bonge likiwa kubwa, mtu hufa kwa dakika chache. Alhamdulillahi lake halikufikia hapo. Hospitalini walimpima mguu kwa mashine ya picha, ileile ya waja wazito, huku wakiubonyeza: vena iliyo nzima hubonyea, yenye bonge hukataa. Akapewa sindano za heparini, kisha vidonge vya miezi 3. Dawa hizi haziyeyushi bonge. Hulizuia lisikue, na mwili wenyewe huliyeyusha taratibu. Ndiyo maana haziachwi mguu unapopoa tu.

Maulamaa wengi wamejuzisha kuichelewesha hedhi kwa sharti ya kutodhuru, na sharti hiyo haithibiti dukani. Muone daktari wiki kadhaa kabla, umweleze uzito wako, operesheni, uzazi wa karibuni, na kama yupo kwenu aliyewahi kuganda damu. Huenda akakupa dawa nyingine, au akakukataza kabisa. Akikukataza, panga safari kwa hesabu ya ada yako. Bibi Aisha (R.A.) alipatwa na hedhi pale Sarif katika Hija ya kuaga, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha afanye yote wafanyayo mahujaji isipokuwa tawafu. Tawafu ya Umra husubiri tohara. Viongozi wa misafara nao wawe na subira.

Njiani kunywa maji, na choo usikiogope, kwani ndicho kitakachokuinua kitini. Usipoweza kusimama, pandisha na ushushe nyayo mara kwa mara. Na ukivimba mguu wiki mbili tatu baada ya kurudi, mweleze daktari kuwa ulisafiri.

Mama huyu aliporudi, swali lake la kwanza kwetu halikuwa la mguu, bali la sa'yi iliyokatika, ambayo aliikamilisha juu ya kiti cha magurudumu siku 5 baadaye, kuanzia pale alipokomea. Tukamwambia kuwa katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kuifuatanisha mizunguko ni sunna, na sa'yi yake imesihi.

Wallahu a'lam.